Je, Muamala Unaofuata Unaukumbuka Uliopita?

Mwaka 1983, mjini Chicago, Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt waliwafundisha watu wachache kununua na kuuza kwa kanuni zilizoandikwa. Kundi hilo lilikuja kuitwa Kasa. Kanuni yao moja ilisema hivi: ingia sokoni bei inapovuka kilele cha siku 20 zilizopita, lakini iache ishara hiyo ikiwa ile iliyoitangulia ingeleta faida. Yaani baada ya ushindi, kaa pembeni.

Treda wengi leo hufanya kinyume chake. Huchora mstari wa mtaji wa mfumo wao, muamala kwa muamala, kisha huchora juu yake wastani unaosogea. Mtaji ukishuka chini ya wastani, mfumo husimamishwa. Ukipanda tena juu yake, huendelea. Kanuni hizi mbili zinapingana, ila zote zimesimama juu ya dhana moja: kwamba matokeo ya muamala uliopita yanatuambia kitu kuhusu ule unaofuata.

Tuchukue akaunti iliyopanda kutoka 100 hadi 102, 104 na 106, tukitumia wastani wa nukta 4 za mwisho. Wastani ni 103, mtaji uko juu, tunaingia. Tunapoteza 4 na kubaki na 102, wakati wastani sasa ni 103.5. Tunasimama. Muamala unaofuata unaleta 5, lakini sisi hatumo. Mtaji wa kivuli, yaani ule ambao mfumo ungekuwa nao bila kusimamishwa, unafika 107 na kuvuka wastani wa 104.75, kwa hiyo tunarudi. Tunapoteza 4 tena. Kivuli kinakuwa 103, chini ya wastani wa 104.5, tunasimama, na faida nyingine ya 5 inapita bila sisi. Mfumo ulioachwa peke yake umefika 108. Wetu umeishia 98, kwa sababu umekula hasara zote mbili na kukosa faida zote mbili.

Kivuli hicho hakikwepeki. Anayepima kwa salio lake halisi atakuta kwamba akisimama mstari wake unalala, na atarudi sokoni kwa sababu tu nukta za zamani zimetoka kwenye wastani, si kwa sababu mfumo umepona. Kasa walilijua hili: ishara iliyotangulia ilihesabiwa hata kama hawakuifuata.

Kosa baya zaidi hufichika kwenye kompyuta. Ukiruhusu matokeo ya muamala wenyewe yaamue kama muamala huo ulifaa kufanywa, mfuatano ule ule wa nukta utakupa 116: hasara zote zimerukwa, faida zote zimebaki. Michoro mingi inayovutia imezaliwa hapa. Nikiona kichujio kinachokwepa karibu kila mporomoko tangu hasara yake ya kwanza, swali langu la kwanza ni saa ngapi uamuzi ulifanyika.

Sasa chukua mfumo unaoshinda 12 katika nusu ya miamala na kupoteza 10 katika nusu nyingine. Kila muamala una faida ya wastani ya 1. Kama matokeo hayana uhusiano, kuacha miamala 70 kati ya 200 kunakugharimu faida ya 70 kwa matarajio, na miamala iliyobaki si bora kuliko iliyoachwa. Mporomoko wa akaunti kwa kawaida utapungua, kweli, lakini ungepungua pia kama ungepunguza ukubwa wa kila muamala. Kichujio kinapaswa kulinganishwa na hilo, si na mfumo mzima.

Njia ya kujua iko wazi. Changanya mpangilio wa miamala yako kama karata, mara 1,000, na kila mara pitisha kichujio kile kile. Miamala haibadiliki, kinachopotea ni mpangilio tu. Ikiwa matokeo halisi hayaishindi angalau michanganyiko 950 kati ya hiyo, huna ushahidi kwamba mpangilio ulibeba habari. Na ukijaribu urefu 30 tofauti wa wastani ukachagua ulio bora, fanya uchaguzi huo huo ndani ya kila mchanganyiko.

Kumbukumbu ya matokeo yaliyopita ipo mahali fulani. Mwaka 2022 Sina Ehsani na Juhani Linnainmaa walichapisha utafiti kuhusu mikakati ya hisa inayojulikana sana, kama kununua kampuni za bei nafuu na kuuza za bei ghali. Baada ya mwaka wa faida, mkakati wa kawaida ulileta takribani nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Baada ya mwaka wa hasara, karibu na sifuri. Lakini kipimo hicho ni cha mwaka mzima. Hakimuungi mkono treda anayezima mfumo wake baada ya hasara tatu za wiki hii.

Kasa nao walijiwekea kinga. Walipoiacha ishara ya siku 20 na bei ikaendelea kukimbia, kilele cha siku 55 kiliwarudisha sokoni bila kuuliza muamala uliopita uliishaje.