Rangi za kivinjari zinavyozuia akaunti kuchanganyika kwenye kompyuta moja

Katika maduka ya kuchapa na kurudufu nyaraka mjini Gitega na Muyinga, ni kawaida kompyuta moja kutumiwa na watu wawili au watatu kwa siku moja. Kila mmoja ana barua pepe yake, lakini dirisha la kivinjari linalofunguka mbele yao hufanana kwa wote. Hapo ndipo barua ya mteja hutumwa kutoka kwenye akaunti ya mtu binafsi, na aliyekosea hugundua baada ya jibu kufika kusikotarajiwa.

Rangi ya kivinjari, ambayo wengi huiona kuwa pambo tu, inaweza kupunguza makosa hayo. Mfano ni wa duka lenye kaunta Gitega na tawi Muyinga, ambamo karani anatumia kivinjari cha Chrome kwa akaunti ya duka na pia kwa akaunti yake mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha wasifu. Karani anabofya duara lenye picha au herufi upande wa juu kulia wa dirisha, kisha anachagua kuongeza wasifu mpya. Anaupa jina, kwa mfano «Duka», na rangi ya kijani. Wasifu wake binafsi anaupa rangi ya zambarau. Tangu hapo kila wasifu hufunguka katika dirisha lake, na ukanda wa juu wenye vichupo huonyesha rangi yake. Kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, mtazamo mmoja wa juu unatosha kumjulisha yuko katika akaunti ipi.

Rangi hiyo inaweza kubadilishwa wakati wowote. Karani anafungua kichupo kipya kwa kubonyeza Ctrl na T kwa pamoja, kisha anabofya kitufe cha chini kulia kilichoandikwa Customize Chrome, au Personnaliser Chrome ikiwa kompyuta iko katika Kifaransa. Ubao unafunguka pembeni. Humo anachagua rangi, mwanga au giza, na picha ya usuli wa ukurasa wa kichupo kipya. Picha hiyo inaweza kutoka kwenye mikusanyo iliyoandaliwa au kwenye kompyuta yake. Anayenunua data kwa kipimo afahamu kwamba chaguo la kubadilisha picha kila siku hupakua picha mpya mara kwa mara, ilhali rangi tupu haihitaji picha yoyote.

Vichupo navyo vina rangi zake. Karani akibofya kichupo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kukiweka katika kundi jipya, anaweza kulipa kundi hilo jina na rangi. Vichupo vya mteja mmoja vikiwa vyekundu na vya mwingine vya buluu, nyaraka zao hazichanganyiki kwa urahisi.

Karani huyo akienda Muyinga na kuingia kwa akaunti ileile ya duka, huku usawazishaji wa mipangilio ukiwa umewashwa, rangi ya kijani humfuata. Picha aliyoipakia kutoka kwenye kompyuta ya Gitega kwa kawaida hubaki Gitega. Kwa sababu hiyo, alama ya kutegemea ni rangi, si picha.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kwamba wasifu si kufuli. Yeyote anayekaa mbele ya kompyuta anaweza kubofya duara lile na kufungua wasifu wa mwenzake bila kuulizwa neno la siri. Mteja anayetaka kutumia kompyuta kwa muda mfupi afunguliwe dirisha la mgeni, ambalo halihifadhi historia yake likishafungwa.

La pili ni programu zinazojiita mandhari ilhali sizo. Mandhari halisi ya Chrome hubeba rangi na picha tu, na haina programu ndani yake. Kiendelezi, kinyume chake, kinaweza kuuondoa ukurasa wa kichupo kipya na kuweka wake, na hata kuomba ruhusa ya kusoma kurasa zinazotembelewa. Dalili zake huonekana: baada ya kusakinisha «mandhari», kichupo kipya huonyesha sanduku la kutafutia lisilofahamika, na kitufe cha kubadilisha rangi hakipo tena mahali pake. Hapo karani aandike anwani hii katika upau wa juu:

```
chrome://extensions
```

Mandhari halisi haionekani katika orodha hiyo. Kilichosakinishwa kama mandhari kikionekana humo, ni kiendelezi, na kitufe cha kukiondoa kiko papo hapo. Kikishaondolewa, ukurasa wa awali hurudi pamoja na rangi ya wasifu.