Mtoto Aliyetumwa Kuuliza Saa

Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku kucha, nilikwenda steshenari ya mtaani kuchapisha barua. Kompyuta ilipowaka, pembeni mwa skrini ilionyesha kwamba tuko Januari 2012. Kijana wa dukani akajaribu kufungua barua pepe, lakini kila tovuti ikamkatalia kwa maandishi yale yale: `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Bando lilikuwepo na mtandao ulikuwa na kasi. Kilichoharibika ni saa tu.

Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba ni 2012 hukiona cheti cha mwaka huu kama hati ambayo siku yake haijafika, basi hukikataa. Fundi alipofungua boksi alichomoa betri bapa ya duara yenye ukubwa wa sarafu, aina ya CR2032. Ndiyo inayoiendesha saa ya ndani wakati kompyuta imezimwa. Ikiisha nguvu, umeme ukikatika, saa hurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani.

Akaweka mpya, akaandika tarehe kwa mkono, kisha akabofya `Sync now`. Punde saa ikakaa sawa.

“Fundi, imejuaje?”

“Imeuliza mtandaoni, mzee.”

Lilikuwa jibu sahihi, ila lilinibakishia maswali mawili: kwa nini saa yenye betri nzima nayo ihitaji kuuliza, na itaaminije jibu lililochelewa njiani?

Tuanze na la kwanza. Ndani ya saa ya betri, iwe ya mkononi, ya ukutani au ya kompyuta, mna kipande kidogo cha fuwele ya kwazi kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Kikipitishiwa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: igawe kwa mbili mara kumi na tano, utabaki na moja. Saketi huhesabu mitetemo hiyo na kila ikitimia husogeza sekunde moja.

Shida ni kwamba hakuna fuwele mbili zinazofanana kabisa. Ya kawaida huweza kukosea mitetemo ishirini hivi katika kila milioni. Ni kidogo mno, lakini siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa hilo hufikia sekunde 1.7 kwa siku, na karibu dakika moja kwa mwezi. Joto nalo huongeza lake. Fuwele za namna hii hutengenezwa ziende sawasawa kwenye nyuzi 25 hivi. Ukizipeleka kwenye joto kali au baridi kali, hupunguza mwendo. Kwenye nyuzi 45, kama ndani ya boksi lililojaa vumbi na feni iliyochoka, saa huweza kupoteza sekunde moja na zaidi kidogo kwa siku kwa sababu ya joto peke yake. Hivyo saa kupotoka si dalili ya ubovu. Ndivyo zilivyo zote.

Ndiyo maana vifaa vyetu huuliza. Utaratibu wa kuulizana huitwa NTP, na Mmarekani David Mills aliuchapisha mwaka 1985. Kileleni kuna saa za atomu, pamoja na zile zilizomo kwenye satelaiti za GPS. Seva zilizounganishwa nazo moja kwa moja ndizo tabaka la kwanza. Seva zinazouliza kwa hizo ni tabaka la pili, na kuendelea kushuka hadi kifaa chako.

Sasa swali la pili, na hapa ndipo penye ujanja wenyewe. Chukulia saa yako ya ukutani huiamini, na jirani ana saa sahihi. Unamtuma mtoto akaulize. Anaondoka saa yako ikisoma saa nne kamili. Anafika kwa jirani na kukuta saa ya huko inasoma saa nne na dakika saba. Anacheleweshwa kidogo, anaondoka saa ile ile ya jirani ikisoma nne na dakika tisa. Anarudi nyumbani, saa yako inasoma nne na dakika kumi na mbili.

Ukiirekebisha saa yako isome nne na dakika tisa, utakuwa umekosea, kwa sababu muda wa kurudi umepita. Basi hesabu hivi. Mtoto amekuwa nje dakika kumi na mbili, kati yake mbili alikuwa kwa jirani. Zilizobaki kumi ni za njiani, tano za kwenda na tano za kurudi. Aliondoka kwa jirani saa nne na dakika tisa, ongeza tano, sasa ni saa nne na dakika kumi na nne. Saa yako imebaki nyuma kwa dakika mbili.

Kompyuta hufanya hesabu hii hii kwa nyakati nne hizo hizo, isipokuwa safari yake huhesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Na udhaifu wake ni ule ule wa mtoto: tumedhani kwenda na kurudi kulichukua muda sawa. Kama alikwenda mbio kwa dakika mbili, kisha akarudi akicheza kwa dakika nane, hesabu yetu imekosea kwa dakika tatu. Hata hivyo kosa la njiani haliwezi kuzidi nusu ya safari nzima. Kwa hiyo kifaa huuliza mara kadhaa na kulithamini zaidi jibu la safari fupi. Huuliza pia seva kadhaa, kwani ukiwa na majirani wawili wanaopingana huwezi kujua nani kakosea.

Kikishajua tofauti, kifaa makini hakirukii kuirekebisha. Saa ikirudishwa nyuma ghafla, muamala uliofanyika baadaye huweza kuandikwa kana kwamba ulitangulia. Kwa hiyo programu ya NTP, tofauti ikiwa ndogo, huharakisha au kupunguza mwendo wa saa polepole hadi ilingane. Isitoshe, hujifunza tabia ya fuwele yake, kama huenda mbele au hubaki nyuma na kwa kiasi gani, ili hata mtandao ukikatika iendelee kuisahihisha.

Kwenye Windows unaweza kuona tofauti ya saa yako kwa amri hii:

```
w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org /samples:5 /dataonly
```

Kadiri namba zinavyokaribia sifuri ndivyo saa ilivyo sawa. Lakini hata bila amri, ukubwa wa kosa hukuambia chanzo chake. Sekunde au dakika chache ni fuwele, na kifaa hakijauliza muda mrefu. Miaka ni betri. Likiwa saa kamili, tuseme tatu, tazama mpangilio wa ukanda wa saa: seva hutuma wakati mmoja kwa dunia nzima, na kifaa chenyewe ndicho huongeza saa tatu za Afrika Mashariki.

Siku ile, nikisubiri barua yangu itoke, nilitazama saa ya ukutani pale dukani. Ilikuwa mbele ya kompyuta kwa dakika sita. Fuwele yake huenda si mbaya kuliko ya kompyuta, ila haina mtoto wa kumtuma.