Umri si Kasi: Hesabu Ndogo Kabla ya Mbio za Hisani Magu

Tuseme mnaandaa mbio za kilomita 5 Magu mjini, Jumamosi tarehe 1 Agosti 2026, kuchangia madawati. Watu 600 wamejiandikisha. Barabara ya Mwanza–Musoma ina mabasi na malori, kwa hiyo mnapita njia ya pembeni. Mita 600 tangu mwanzo kuna kalavati lenye upana wa mita 2. Hapo ndipo mtoto anaweza kusukumwa akaanguka.

Kwa makadirio ya kawaida, upana wa mita 1 hupitisha mtu 1 hivi kwa sekunde. Kalavati letu basi hupitisha watu 2 kwa sekunde, na watu 600 wanahitaji dakika 5. Wakianza wote pamoja, wengi watakwama. Wagawe makundi matatu ya watu 200: kila kundi linahitaji sekunde 100, basi yaachanishe kwa dakika 3.

Sasa, nani aanze? Wengi hujibu fasta: wazee na watoto watangulie. Pima uone. Anayetembea haraka hutumia dakika 9 kwa kilomita, na mwana-jogingi mzoefu dakika 4. Mwenye kasi akianza dakika 3 nyuma, atamkuta mwenzake dakika 2.4 baadaye, kwenye mita 600. Yaani pale pale kwenye kalavati!

Kwa hiyo panga makundi kwa kasi, wenye kasi mbele. Kwenye fomu usiulize "una kasi gani?", maana kila mtu atajisifu. Uliza: "Mara ya mwisho kilomita 5 ulimaliza kwa dakika ngapi, au utatembea?" Bibi wa miaka 62 anayekimbia vizuri anaanza kundi la kwanza bila shida.

Rika linabaki kwa ajili ya zawadi tu. Hapo omba tarehe ya kuzaliwa, si umri. Aliyejiandikisha Mei akiwa na miaka 17, kisha akatimiza 18 tarehe 20 Julai, siku ya mbio si wa rika la chini ya 18 tena. Tarehe ikiwa seli C2, Excel itakokotoa:

```
=DATEDIF(C2,DATE(2026,8,1),"Y")
```

Namba ya kifuani ibebe kundi: 1001 hadi 1200 kundi la kwanza, 2001 hadi 2200 la pili, 3001 hadi 3200 la tatu. Mtu wa mstarini akiona 3 mbele, anajua huyu asubiri. Na mwandika muda anajua atoe dakika 6: namba 3047 akifika saa ikisoma 36:00, muda wake ni 30:00.

Mfumo huu huvunjika marafiki wakibadilishana namba. Aliyevaa 3047 akianza na kundi la kwanza, mtampunguzia dakika 6 asizostahili. Kwa hiyo kagueni vifua kabla ya filimbi. Na kabla ya kutoa zawadi, muda wowote unaoshangaza kwenye kundi la tatu uangalieni mara mbili.