Vizibo Tisa vya Chenji

Shuleni binti huyu wa miaka minane anajua kutoa. Mwulize ishirini toa kumi na tatu, atakuandikia saba. Lakini kwenye meza ya nyanya ya bibi yake, soko la Tandale, Dar es Salaam, daftari halipo na mteja ana haraka. Akipewa noti ya elfu mbili kwa vitu vya elfu moja mia tatu, anabaki kuiangalia.

Bibi akaokota vizibo tisa vya soda, akavisugua kwa kanga. "Kila kimoja ni mia," akamwambia. Kabla ya kuhesabu chochote, wakavilinganisha na pesa: vizibo vitano mbele ya jero, viwili mbele ya sarafu ya mia mbili. Wengi huiruka hatua hii, nami naona ndiyo ngumu kuliko zote. Mtoto huhesabu vitu kwanza, thamani baadaye; sarafu tatu za mia kwake ni nyingi kuliko jero moja.

Kisha wakaanza kupanda kutoka kwenye bei. Mteja amechukua mafungu mawili ya nyanya, mia tano kila moja, na vitunguu vya mia tatu. Hiyo ni kumi na tatu. Binti akaweka kizibo cha kwanza, akasema, "Kumi na tatu." Alipofika ishirini, mezani kulikuwa na vizibo vinane. Mia moja ya bibi ilikuwa inaondoka.

"Kumi na tatu ni ya kwangu tayari, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kizibo cha kwanza ni kumi na nne."

Akarudia: kumi na nne, kumi na tano, mpaka ishirini. Vizibo saba. Akatoa vitano akaweka jero, akatoa viwili akaweka sarafu ya mia mbili.

Kwa nini vizibo tisa tu, wakati wapo wanaolipa kwa noti ya elfu kumi? Kwa sababu vizibo kazi yake ni kufika kwenye elfu inayofuata, na safari hiyo haizidi tisa. Vizibo saba vinamfikisha elfu mbili. Kutoka hapo anapanda kwa noti: buku moja inafika tatu, elfu mbili inafika tano, elfu tano inafika kumi. Chenji ni elfu nane mia saba, na hakuna aliyetoa kitu kwenye kitu.

Adhuhuri akaja dada mmoja, vitu vyake navyo ni elfu moja mia tatu. Akatoa noti ya elfu mbili, kisha akaongeza mia tatu: "Nipe buku." Binti akapanga vizibo vyake saba vya chenji. Akachukua sarafu tatu za yule dada, akazipanga kwenye mstari uleule, akahesabu mpaka kumi, akampa buku.