Barua ya kumshukuru mteja wa hoteli: bei ya mwaka ujao inaandikwaje ili isilete fujo?

Katika jimbo la Tanganyika, kazi nyingi za barabara zinafuata kiangazi. Mashini zinaanza kutembea mwezi wa 5, na mvua ikisha kukolea, mwezi wa 11 ama wa 12, kampuni zinafunga kambi na wafanyakazi wao wanarudia kwao. Kwa hoteli za Kalemie, hiyo ni siku ngumu. Vyumba vilivyokuwa na watu miezi saba vinabaki wazi kwa mara moja, na wale waliochukuliwa kazi juu ya wageni hao, wafuaji nguo na wasaidizi wa jikoni, wanaanza kuuliza kama watarudishwa mwaka ujao.

Katika juma hilo, msimamizi wa hoteli anatuma barua ya shukrani kwa kampuni inayoondoka. Mara mingi watu wanaiona kama karatasi ya adabu tu. Lakini akiweka ndani bei ya mwaka ujao, barua inageuka kuwa ahadi ya biashara. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, ile ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 inayotumika hadi leo, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanyika kwa njia halali yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake, mteja akijibu kwa maandishi kwamba amekubali, msimamizi hawezi kuamka siku moja na kupandisha bei peke yake. Ndiyo maana hesabu inafanyika kwanza, na maneno matamu yanafuata.

Chukua mfano wa hoteli ya vyumba 20. Kampuni moja ya barabara ilikamata vyumba 8, tangu tarehe 1 mwezi wa 5 hadi tarehe 30 mwezi wa 11. Hizo ni siku 214, na kwa vyumba 8 zinafika usiku 1712. Bei ya ukutani ni dola 60 kwa usiku, lakini kwa sababu ya muda mrefu kampuni ililipa 45. Sasa inaondoka, na mkuu wake wa lojistiki amekwisha kusema: « Mwaka ujao tutarudi na vyumba vilevile, lakini mutupunguzie kidogo. »

Msimamizi anaanza kwa kutafuta bei ambayo hawezi kushuka chini yake. Chumba kikilalwa, kinakula chai ya asubuhi, sabuni, kufua mashuka, maji, na mazutu ya grupu wakati umeme wa SNEL umekatika. Katika mfano huu, vyote vinafika dola 16 kwa usiku, na mazutu peke yake ni 6. Tena kuna feza zinazotoka hata chumba kikiwa kitupu: mishahara, walinzi, matengenezo, kodi. Zikigawanywa kwa kila chumba kilicholalwa, ni dola 14. Jumla ni 30. Kwa hiyo bei ya 45 ilikuwa inaacha dola 15 kwa usiku. Akishuka hadi 42, zinabaki 12.

Je, inafaa kupoteza dola 3 kwa kila usiku? Kwa usiku 1712, hizo ni dola 5136, si kidogo. Lakini aangalie upande wa pili. Kama kampuni haikurudi, wapita njia wanaolipa 60 hawatajaza vyumba hivyo 8 kila siku. Wakivijaza siku 3 kwa 10, ni usiku 514 tu. Ukitoa zile dola 16 za matumizi, kila usiku wao unaacha 44, jumla karibu 22 600. Kampuni, kwa 42, inaacha 26 kwa usiku mmoja, na kwa usiku 1712 inafika karibu 44 500. Hiyo ni karibu mara mbili. Kwa hoteli hii, 42 ni bei nzuri. Hoteli yenye kujaa wapita njia kila siku ingepata jibu lingine, ndiyo sababu haifai kunakili bei ya jirani.

Hatari inaanzia kwenye neno TVA. Katika Kongo, kodi hiyo ni asilimia 16. Hoteli inayopashwa kuitoza haibaki nayo: inaikusanya kwa mteja na kuipeleka kwenye DGI, ofisi kuu ya kodi. Sasa msimamizi akiandika tu « dola 42 kwa usiku », kila mmoja atasoma anavyotaka. Yeye anawaza 42 na TVA juu yake, yaani mteja alipe dola 48 na senti 72. Biro ya kampuni, iliyo Kinshasa ama inje ya inchi, inaandika 42 katika bajeti yake na kusema TVA iko ndani. Faktire ya kwanza ikifika, vita inaanza. Msimamizi akishindwa katika vita hiyo, kwa 42 anayopokea inabakia dola 36 na senti 21 baada ya kodi. Faida yake iliyokuwa 12 imekuwa 6. Kwa msimu muzima, tofauti hiyo inapita dola 9900, juu ya neno moja ambalo halikuandikwa.

Shimo la pili ni mazutu. Mwaka huu inakula dola 6 kwa usiku. Ikipanda na kufikia 9, dola 3 zingine zinakwenda. Aliyeahidi « umeme saa 24 » bila kuweka mpaka hana mulango wa kutokea. Dawa yake ni kuandika saa za grupu, na kuandika pia kwamba bei ya mazutu ikipita kiasi fulani, pande mbili zitaketi na kuzungumza. Mteja wa kweli hakatai hilo, kwa sababu yeye pia ananunua mazutu ya mashini zake na anajua bei inavyotembea.

Jambo la tatu ni hesabu ya vyumba. Bei ya 42 imetoka kwenye vyumba 8 vya miezi saba. Kampuni ikirudi na vyumba 3 kwa wiki sita na kuonyesha barua ile, msimamizi atakuwa ameuza bei ya jumla kwa mnunuzi wa rejareja. Tena kuna wale wanaokwenda likizo wiki mbili na kuacha mizigo chumbani. Je, chumba kinalipwa? Pasipo andiko, kila faktire ya mwisho wa mwezi inakuwa mazungumzo mapya.

Kabla ya kutuma, kuna kazi moja ya kumaliza: hesabu ya mwisho. Faktire ya mwezi wa 11 ilipwe, funguo zirudishwe, chupa za bia alizokunywa kila mtu zitengwe na deni la kampuni. Barua inayoshukuru wakati deni lingali linabishaniwa inasomwa kama mtego. Lakini pia isichelewe. Kampuni nyingi zinapanga bajeti ya msimu mupya karibu na mwisho wa mwaka. Barua inayofika mwezi wa 3 inakuta bei ya hoteli ingine imekwisha kuandikwa. Na iende kwa yule anayetia saini ya mapatano, si kwa wahandisi waliolala pale, hata kama ndio waliosifu samaki wa hoteli.

Kwa kawaida barua kama hii inaandikwa kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili, ingekuwa hivi:

« Kalemie, tarehe 4 mwezi wa 12.

Bwana Mkuu wa lojistiki,

Tunawashukuru kwa miezi saba mliyokaa kwetu. Hesabu yetu ya tarehe 30 mwezi wa 11 imefungwa, na hakuna deni kati yetu. Tunakumbuka kwamba mwezi wa 8 maji yalikosekana siku mbili na wafanyakazi wenu walivumilia. Tangu wakati huo tumeongeza tanki ya lita 5000.

Kama mtarudi mwaka ujao kati ya tarehe 1 mwezi wa 5 na tarehe 30 mwezi wa 11, tunawapatia bei ya dola 42 kwa chumba kwa usiku, pasipo TVA. Pamoja na TVA ya asilimia 16, mtalipa dola 48 na senti 72. Ndani yake mko chai ya asubuhi, kufuliwa nguo mara mbili kwa juma, na grupu kuanzia saa 12 ya jioni hadi saa 5 ya usiku, kama umeme umekatika.

Bei hii ni ya vyumba 8 kwa miezi sita ama zaidi. Kwa vyumba 5 hadi 7, ni dola 46 pasipo TVA. Chumba kilichofungwa na mizigo ndani, kama mumetujulisha siku 3 mbele, kinalipwa nusu. Mazutu ikipanda zaidi ya asilimia 20 kupita bei ya leo, tutazungumza upya, na hakuna kitakachobadilika kabla ya siku 30. Malipo ni kila mwisho wa mwezi, kwa dola ama kwa franga kufuatana na bei ya benki siku ya kulipa.

Tutawawekea vyumba hivi hadi tarehe 31 mwezi wa 1. Tunaomba jibu lenu la maandishi, lenye saini na muhuri.

Safari njema, na salamu kwa timu nzima. »

Angalia mambo mawili ndani yake. Kwanza, shukrani inataja kosa la hoteli na namna lilivyotengenezwa. Mkuu wa lojistiki analikumbuka lile tatizo la maji, na wakubwa wake watamwuliza kwa nini arudi palepale. Barua inampa jibu la kuwapelekea. Pili, kuna tarehe ya mwisho. Pasipo tarehe hiyo, vyumba 8 vinabaki vimefungwa kwa ahadi, na mteja mwingine akifika mwezi wa 2, msimamizi hajui aseme nini.

Kuna pia kitu ambacho hakimo: hakuna zawadi wala asilimia ya mkononi kwa yule anayechagua hoteli. Wengine wanafikiri ndiyo njia ya kumrudisha mteja. Lakini ile feza inatoka ndani ya zile dola 12, na siku wakaguzi wa kampuni wakiigundua, mkuu wa lojistiki anapoteza kazi na jina la hoteli linafutwa kwenye orodha. Mwaka unaofuata hakuna barua itakayosomwa.

Jibu likifika kabla ya tarehe 31 mwezi wa 1, msimamizi anaweza kuwaita wafuaji na wasaidizi wa jikoni na kuwaambia tarehe ya kurudi kazini. Likikosa kufika, anapiga simu moja ya kuuliza, halafu anafungua vyumba kwa wengine. Katika hali zote mbili, anajua mwezi wa 2 namna atakavyopita mwaka.