Mguu Ukishakanyaga, Usisogee

Siku hizi mwendo wa wahusika wengi wa filamu na michezo ya kompyuta hauchorwi, unanaswa. Mwigizaji huvaa nguo ya kubana iliyobandikwa vitone vinavyoakisi mwanga, kisha hutembea akizungukwa na kamera. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambayo rekodi zake hutolewa bure, vitone vilikuwa 41, kamera 12, na kila sekunde zilipigwa picha 120. Kinachohifadhiwa ni mifupa ya hesabu: kila kiungo kimepinda nyuzi ngapi, na nyonga ilikuwa wapi ukumbini.

Matata huanza mwendo huo unapohamishiwa kwa mhusika asiyefanana na mwigizaji. Tuchukue mwigizaji mwenye mguu wa sentimita 90 kutoka nyonga hadi kifundo, na mhusika kibeti mwenye mguu wa sentimita 45, paja fupi na nyonga pana. Mwigizaji alipiga hatua za sentimita 70. Tukinakili nyuzi za viungo pamoja na safari ya nyonga bila kubadilisha kitu, kibeti atafungua miguu kwa sentimita 35 tu, ilhali mwili wake unasukumwa mbele sentimita 70. Zile 35 zinazozidi lazima ziende mahali, nazo huishia kwenye nyayo: zinaserereka kama za mtu aliyevaa soksi juu ya vigae. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu fani hii huliona kosa hilo papo hapo.

Tiba ya kwanza ni nyepesi: safari ya nyonga ipunguzwe kwa uwiano wa miguu, yaani nusu. Mtelezo mkubwa huisha, ila mdogo hubaki. Paja na muundi wa kibeti havina uwiano ule wa mwigizaji, kwa hiyo nyuzi zilezile hazikifikishi kifundo mahali pale. Isitoshe, nyonga pana ikigeuka kidogo tu, mguu wote huvutwa nayo. Utaona wayo uliopaswa kutulia ukienda sentimita mbili mbele, kisha ukirudi.

Hapo ndipo inapobidi kuamua kipi kiheshimiwe. Kwa maoni yangu, mkanyago una haki kuliko nyuzi za goti. Mwaka 1998 mtafiti Michael Gleicher alieleza kazi hii kwa msingi huohuo: taja kwanza mambo ambayo hayana budi kubaki kweli, kama wayo kugusa sakafu, kisha urekebishe mengine yayafuate. Rudi basi kwenye rekodi ya mwigizaji mwenyewe, kabla ya kuhamisha chochote, uweke alama kwenye picha zote ambamo wayo uko chini na mwendo wake unakaribia sifuri. Ukizitafuta picha hizo kwa kibeti umechelewa, maana wayo wake tayari unateleza.

Katika picha hizo wayo wa kibeti hupigiliwa sakafuni, na kompyuta hukokotoa goti lipinde kiasi gani ili paja na muundi viunganishe nyonga na kifundo. Usipigilie kifundo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho: kisigino hutangulia kutua, wayo wote hufuata, halafu kisigino hunyanyuka vidole vikiwa bado chini. Kufuli lihame hivyohivyo, na liachiliwe polepole kwa picha kadhaa, la sivyo mguu utaruka.

Kuna kikomo. Tuseme nyonga ya kibeti iko sentimita 43 juu ya kifundo, na wayo umepigiliwa sentimita 17.5 mbele. Umbali wa mshazari ni kama sentimita 46.4, na mguu ni 45. Haufiki. Goti litanyooka ghafla kwa mshtuko, kosa baya kuliko mtelezo wenyewe. Nyonga ikishushwa hadi sentimita 41 mguu unafika, na goti linabaki na mkunjo kidogo. Ishushe taratibu, ikianza kabla ya wayo kutua, ili mwili usidunde.

Halafu kuna muda, jambo ambalo wengi hulisahau. Mwenye mguu nusu ya urefu, akienda nusu ya umbali kwa muda uleule, huonekana mzito kama anayetembea majini. Kanuni inayobeba jina la William Froude, mhandisi wa meli wa Uingereza wa karne ya 19, inaonyesha kwamba muda wa hatua hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa mguu. Kwa nusu ya urefu ni takriban 0.71: hatua ya nusu sekunde iwe ya sekunde 0.35 hivi.

Ukitaka kujaribu, programu ya Blender ni ya bure. Ukimaliza, usiyaamini macho peke yake. Fungua grafu ya wayo: kila mahali ulipoweka alama ya mkanyago, mstari uwe bapa. Ukipanda au kushuka, kazi bado haijaisha.