Kitambulisho cha Taifa Kikipotea

Katika vijiji vyetu vya Tanzania yako maswali yanayoulizwa mara kwa mara juu ya mtu aliyepotewa na kitambulisho chake cha taifa: aanzie wapi, apeleke karatasi gani, na katika siku za kungoja ataishije? Walimu na watendaji wa vijiji ndio wanaofuatwa kwanza na watu wenye shida hii. Basi yafaa wao wapate habari kamili ili wasimtume mtu safari ya bure.

Kwanza hapana budi kufahamu kilichopotea ni kitu gani. Mtu aliyeandikishwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, ana vitu viwili: kadi, na namba. Namba hiyo ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwake. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1978, namba yake huanza 19780805. Kadi yaweza kuanguka njiani, kuungua au kuliwa na mchwa. Namba haipotei, kwa maana imo katika daftari la serikali pamoja na alama za vidole vya mwenyewe. Kadi mpya itakapotolewa itakuwa na namba ile ile.

Kwa sababu hiyo, kosa kubwa kupita yote ni kwenda kujiandikisha upya kana kwamba hukuandikishwa kamwe. Wako wanaodhani kwamba ni njia ya mkato, na wengine hubadili jina kidogo au kupunguza miaka. Lakini vidole ni vile vile, na mashine huvilinganisha na vyote vilivyokwisha kuwekwa. Ombi la pili husimama, mwenyewe huitwa kujieleza, na jambo ambalo lingekwisha kwa safari mbili huwa shauri refu.

Sasa tutazame mambo kwa utaratibu wake, tukichukua mfano wa mkulima wa Kilosa. Tuseme alikuwa akirudi kutoka Morogoro kwa basi, na alipofika nyumbani akaona pochi haimo mfukoni, na simu yake ya mkononi haipo vilevile.

Jambo la kwanza ni polisi. Hapa huulizwa swali ambalo watu hulijibu ovyo: je, mali imepotea au imeibiwa? Ikiwa hakumwona mtu akimchopoa wala hana sababu ya kumshuku mtu, basi hiyo ni mali iliyopotea, naye atapewa hati ya taarifa ya upotevu wa mali. Ikiwa ameibiwa au amenyang'anywa, hilo ni kosa la jinai. Huandikwa katika kitabu cha polisi na mtu hupewa namba ambayo watu huiita RB. Aseme lililo kweli, wala asibuni mwizi ili mambo yaende upesi, kwa maana taarifa ya uongo ni kosa.

Hati ya upotevu siku hizi yaweza kuombwa pia katika mtandao wa Jeshi la Polisi, kwa ada ndogo. Asiyejua mambo ya mtandao aende kituoni, au amwombe mwalimu amsaidie. Hati hii si karatasi ya kumridhisha karani tu. Inaonyesha tarehe ambayo mwenye kadi alitoa habari. Mtu mwingine akiitumia kadi ile baadaye kwa hila, mwenyewe ana ushahidi kwamba haikuwa mikononi mwake.

Hapo ndipo mkulima wetu aweza kukosea jambo dogo lenye gharama kubwa. Kijijini anaitwa Saidi, na ndivyo anavyojiandikisha kituoni. Lakini katika daftari la NIDA ameandikwa Saeed, kama cheti chake cha kuzaliwa kinavyosema. Karani wa wilaya akiona majina hayalingani, aweza kumrudisha akarekebishe hati, na nauli ya siku ile imekwisha. Basi kabla ya kutoa taarifa atafute nakala yoyote ya kadi yake, hata iliyopigwa picha na kuwekwa katika simu ya mwanawe, akaandike majina, tarehe ya kuzaliwa na namba jinsi zilivyo pale, herufi kwa herufi.

Na asiyekuwa na nakala, tena hakumbuki namba? Serikali ina njia ya kuitafuta kwa simu, kwa kupiga *152*00# na kufuata maelezo, au katika mtandao wa NIDA. Ataulizwa majina yake, siku ya kuzaliwa na majina ya mama yake, jinsi alivyoyataja alipoandikishwa. Wazee wengi hukwama katika jina la mama, kwa kuwa siku ile walitaja jina la utani na leo wanataja la ubatizo.

Jambo la pili ni kwenda afisi ya NIDA ya wilaya, akichukua hati ya polisi, namba yake, nakala ya kadi kama ipo, na karatasi nyingine zenye majina yale yale, kama cheti cha kuzaliwa au kadi ya mpiga kura. Kadi ya kwanza hutolewa bure, lakini raia aliyepoteza yake hulipa shilingi 20,000. Fedha hizo hazitiwi mkononi mwa mtu. Mwombaji hupewa namba ya malipo ya serikali, ambayo huanza na 99, naye hulipa benki au kwa simu na kutunza stakabadhi. Mtu yeyote atakayedai apewe taslimu bila namba hiyo, usimpe.

Kisha kungoja. Siku za kungoja hazilingani: kadi hazichapwi katika kila wilaya, na miaka iliyopita watu wengi walikaa na namba muda mrefu bila kuona kadi. Afadhali mwombaji amwulize karani kadi huletwa wapi, wilayani au katani, na aache namba ya simu inayopatikana.

Lakini katika kungoja huko mkulima wetu hakufungiwa mlango. Anataka kurudisha laini yake ya simu iliyopotea: atataja namba yake ya taifa na kuweka kidole katika mashine, wala haulizwi kadi. Akiona kidole kinakataa, kama inavyowapata walioshika jembe miaka mingi, aoshe mikono, aikaushe vema, kisha ajaribu kidole kingine.

Yapo pia maneno juu ya kadi za zamani ambazo tarehe yake ya mwisho imepita. Wengine wamefikiri kudai kwamba zimepotea ili wapate mpya. Hapana haja: mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba kadi hizo ziendelee kutumika, na ukomo ukaondolewa.

Kadi mpya ikifika, aisome pale pale mbele ya karani: majina, tarehe, picha. Kosa likionekana aliseme kabla hajatoka mlangoni. Na ikitukia kadi ya zamani ikaokotwa baadaye nyuma ya kiti cha basi, aliyeiokota aipeleke kituo cha polisi au kwa mtendaji, na mwenyewe airudishe afisi ya NIDA. Asiweke mbili nyumbani.